Tarehe za Faili: Ipi Ndiyo ya Kweli?

(Maneno ya somo kama yalivyosomwa katika radio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwanafunzi asome polepole, na mwalimu aandike ubaoni pale anapoambiwa.)

Juma lililopita tulijifunza namna ya kunakili faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kutumia flashi. Leo tutatazama jambo linalotokea wakati wa kunakili, ambalo watu wengi hawalitambui mpaka ugomvi umezuka. Jambo hilo ni tarehe.

Sikiliza habari hii. Nimeitunga kuwa mfano, lakini mambo ya namna hii hutokea. Palikuwa na chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Alhamisi, tarehe 8 Juni 2023, wanachama walikutana wakakubaliana kwamba kila mwenye deni la mbolea akatwe fedha kidogo katika malipo ya kila gunia. Alasiri ile ile karani akaketi mbele ya kompyuta ya chama, akaandika kumbukumbu za mkutano kwa programu ya Word. Jumatatu, tarehe 12 Juni, akazimaliza na kuzihifadhi.

Mwaka uliofuata chama kilinunua kompyuta mpya, maana ile ya zamani ilikuwa yafa. Tarehe 14 Machi 2024 karani alinakili faili zote katika flashi. Kesho yake, tarehe 15, akazinakili kutoka katika flashi na kuzitia katika kompyuta mpya. Tarehe 16 akaifungua faili ya kumbukumbu, akaona jina la mzee mmoja limekosewa herufi moja, akalisahihisha, akahifadhi. Baada ya siku chache kompyuta ya zamani ikafa kabisa.

Ndipo mwanachama mmoja aliyekatwa fedha akaja kulalamika. Kijana wake anaijua kompyuta kidogo. Akaitazama faili, akasema, "Baba, kumbukumbu hizi zimeandikwa Machi 2024! Karani ametunga habari ya makato baada ya mkutano." Wanachama wakakasirika. Karani akaapa kwamba hakutunga neno. Je, nani asema kweli?

Tuanze kwa kuuliza: kijana aliona nini? Aliweka mshale juu ya jina la faili, akabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua neno `Properties`. Kidirisha kikafunguka, na ndani yake mlikuwa na maneno haya mawili: `Created`, maana yake imeumbwa, na `Modified`, maana yake imebadilishwa. Mbele ya neno la kwanza palikuwa na tarehe 15 Machi 2024. Mbele ya neno la pili palikuwa na tarehe 16 Machi 2024. Hakuona Juni 2023 mahali popote.

Sasa, ili tuelewe, tuache kompyuta kidogo twende katika ofisi ya zamani yenye makaratasi. Barua inafika ofisini. Karani wa mapokezi ana daftari kubwa. Aandika ndani yake: barua fulani imeingia hapa leo. Barua yenyewe yaweza kuwa iliandikwa mwezi uliopita, lakini daftari laonyesha siku ilipoingia katika ofisi hii. Barua hiyo ikipelekwa ofisi nyingine, karani wa huko ataiandika katika daftari lake kwa tarehe ya huko. Hakuna aliyesema uongo. Kila daftari lajibu swali lake.

Kompyuta nayo ndivyo ifanyavyo. Kila diski na kila flashi ina daftari lake la faili. Tarehe hizi mbili, `Created` na `Modified`, hazikuandikwa ndani ya barua yako. Zimeandikwa katika daftari la diski. Unaponakili faili, kompyuta huandika faili mpya mahali papya, na huifungulia mstari mpya katika daftari la mahali hapo. Kwa hiyo `Created` huwa siku ile uliyonakili. Neno hilo halisemi, "Maneno haya yaliandikwa lini?" Lasema, "Nakala hii iliwekwa hapa lini?"

Na `Modified` je? Katika kompyuta za Windows, unaponakili faili kwa njia ya kawaida, tarehe ya `Modified` huhamishwa kama ilivyo. Sababu ni kwamba maneno ya ndani hayakuguswa; ni yale yale. Tarehe hii hubadilika pale mtu anapofungua faili, akabadilisha kitu, kisha akahifadhi. Hata kama ameongeza nukta moja tu, tarehe hubadilika. Kompyuta haipimi kama badiliko ni kubwa au dogo.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni mistari hii minne. Ni safari ya faili ya karani wetu.

Kompyuta ya zamani: `Created` 8 Juni 2023, `Modified` 12 Juni 2023.
Flashi: `Created` 14 Machi 2024, `Modified` 12 Juni 2023.
Kompyuta mpya, kabla ya kusahihisha: `Created` 15 Machi 2024, `Modified` 12 Juni 2023.
Kompyuta mpya, baada ya kusahihisha: `Created` 15 Machi 2024, `Modified` 16 Machi 2024.

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Hapo faili imebadilishwa kabla ya kuumbwa! Ni kama mtoto aliyeota meno kabla ya kuzaliwa. Ukiona ajabu hiyo, usidhani kompyuta ina wazimu. Ni alama nzuri kwako: yakuonyesha kwamba faili hii ni nakala, na kwamba maneno yake ni ya zamani kuliko nakala yenyewe. Lakini katika mstari wa nne alama hiyo imefutika. Karani kwa kusahihisha herufi moja ameondoa Juni 2023 katika daftari la kompyuta mpya. Hakuwa na nia mbaya, lakini amejiharibia ushahidi.

Basi, karani alipona vipi? Ile flashi ilikuwa bado katika sanduku, na faili ndani yake haikufunguliwa ikahifadhiwa tena. Kamati ikaitia katika kompyuta, ikatazama `Properties`, ikakuta `Modified` ni 12 Juni 2023. Kisha wakafungua faili zote mbili, ya flashi na ya kompyuta mpya, wakazisoma mstari kwa mstari. Habari ya makato ilikuwamo katika zote mbili. Tofauti ilikuwa herufi moja katika jina la mzee. Jambo likawa wazi.

Kuna pia shahidi wa pili. Programu ya Word huandika tarehe zake ndani ya faili yenyewe, na tarehe hizo husafiri pamoja na faili, kama vile tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Ili kuziona, fungua `Properties`, kisha bonyeza neno `Details` juu ya kidirisha. Teremka chini mpaka uone `Content created`, yaani siku maandishi yalipoanzishwa, na `Date last saved`, yaani siku yalipohifadhiwa mwisho. Katika faili ya karani, `Content created` ilikuwa 8 Juni 2023, hata katika kompyuta mpya. Picha za kamera nazo zina tarehe ya ndani, nayo huitwa `Date taken`, siku picha ilipopigwa.

Sasa utauliza, "Mwalimu, ipi basi ndiyo tarehe ya kweli?" Jibu lategemea swali lako. Ukitaka kujua nakala hii iliwekwa hapa lini, tazama `Created`. Ukitaka kujua maneno yalibadilishwa mwisho lini, tazama `Modified`. Ukitaka kujua maandishi yalianzishwa lini, tazama `Content created`. Na kati ya zile mbili za kidirisha cha kwanza, `Modified` ndiyo iliyo karibu zaidi na umri wa maneno. `Created` ndiyo ipotoshayo watu.

Lakini kila shahidi ana udhaifu wake, na hapana budi uujue.

Kwanza, `Modified` hudumu kwa kunakili kwa flashi, lakini si kwa kila safari. Ukitumiwa faili kwa WhatsApp au kwa baruapepe, kisha ukaipakua, kwa kawaida tarehe zote mbili huwa za siku uliyopakua. Hapo `Modified` haikusaidii. Tazama tarehe ya ndani. Na picha iliyotumwa kama picha kwa WhatsApp hupoteza `Date taken` yake, hivyo mwombe aliyeipiga akuonyeshe ile ya asili.

Pili, `Content created` yaweza kuwa ya zamani mno. Makarani wengi huchukua kumbukumbu za mwaka jana, wakazinakili, wakafuta maneno ya ndani na kuandika mapya. Tarehe ya ndani hubaki ile ya mwaka jana, ingawa maneno ni ya leo. Kwa hiyo tarehe hiyo peke yake haithibitishi neno.

Tatu, tarehe zote hizi hutoka katika saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo mfano wa sarafu, nayo huendesha saa hata umeme ukizimwa. Betri hiyo ikifa, saa huweza kurudi nyuma miaka mingi, na faili zitakazohifadhiwa hapo zitapata tarehe za uongo. Na mtu mjuzi mwenye nia mbaya aweza kuibadili saa kwa makusudi. Kwa hiyo usimhukumu mtu kwa tarehe moja. Linganisha mbili au tatu, kama kamati ilivyofanya.

Karani wetu angeweza kufanya nini ili asifikishwe hapo? Mambo matatu. Aandike tarehe ya mkutano katika jina la faili, mathalani `2023-06-08 Kumbukumbu`, maana jina halibadiliki kwa kunakili. Akitaka kusahihisha, asiiguse faili ya asili. Atengeneze nakala, asahihishe ndani ya nakala. Na achape karatasi, mwenyekiti na karani watie sahihi na tarehe kwa kalamu. Sahihi hiyo haijui flashi wala betri.

Sasa kazi ya darasa. Chagua faili moja ya zamani katika kompyuta ya darasa. Andika `Created` na `Modified` zake katika daftari lako. Inakili katika flashi, kisha utazame tena. Ipi imebadilika, na ipi imebaki? Halafu ifungue ile nakala ya flashi, ongeza neno moja, uhifadhi, utazame mara ya tatu. Mwambie jirani yako sababu ya kila badiliko kwa maneno yako mwenyewe.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini, ndugu wanafunzi.