Kwasetini na mzio: safari inayokwamia tumboni

Msikilizaji, chafya ya mzio huja pale kalsiamu inapoingia ndani ya seli za masti, zilizojaa puani, na kuzifanya zimwage histamini. Maabara zimeonyesha kwamba kwasetini, iliyomo kwenye vitunguu maji, huzuia kalsiamu hiyo. Lakini huko maabara seli hizo mara nyingi huogeshwa kwasetini ya maikromola 10 hadi 100 kwa lita, ilhali baada ya mlo wa vitunguu kiwango chake katika damu kwa kawaida hakifikii hata 1, tena karibu kwasetini yote imeshabadilishwa na utumbo na ini. Wapo wanaosema kwamba tishu yenye uvimbe huirejesha katika umbo lake la awali. Hilo limeonekana kweli, ila haijathibitishwa kwamba kiasi kinachorejea kinatosha, ndiyo maana siishauri ichukue nafasi ya dawa ya mzio.