Rola Mbili za 2.5: Shaba Unayoinunua na Shaba Unayoipata

Mteja mmoja wa kufikirika anaingia Kariakoo kununua waya wa soketi. Duka la kwanza linataka shilingi 140,000 kwa rola. Duka la pili linataka 105,000 tu, na lebo ni ile ile: shaba, milimita 2.5 za mraba, mita 100. Bei hizo ni za mfano, lakini tofauti ya namna hiyo inajulikana na kila fundi. Makala hii inazichukua rola hizo mbili na kuzipima.

Kinachouzwa hasa ndani ya waya ni shaba, na shaba ina uzito usiobadilika: kipande chenye mkato wa milimita moja ya mraba na urefu wa mita moja kina karibu gramu 9. Kwa hiyo saizi na urefu vikijulikana, uzito wa shaba unajulikana pia. Ndiyo sababu rola halisi ya 2.5 haiwezi kuuzwa karibu na bei ya rola halisi ya 1.5 ya kiwanda hicho hicho. Shaba yake inazidi kwa theluthi mbili. Bei mbili zikikaribiana mno, mnunuzi ana haki ya kuuliza maswali.

Rola ya kwanza ina nyuzi 7, kila uzi ukiwa na kipenyo cha milimita 0.67. Kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, kisha kwa 0.785, kinatoa eneo la uzi mmoja. Nyuzi zote 7 zinafika milimita 2.47 za mraba. Rola ya pili nayo ina nyuzi 7. Kuhesabu nyuzi, kipimo wanachokitegemea wengi, hakumkamati mdanganyifu. Maikromita inaonyesha 0.55, na jumla inaangukia 1.66. Hiyo ni 1.5 iliyovalishwa koti la 2.5, kwa kuwa plastiki imenenepeshwa mpaka unene wa nje ukalingana.

Hapa haki itendeke kwa viwanda. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 hakidai mkato uwe 2.5 kamili, kinaweka ukomo wa ukinzani, ambao kwa waya wa shaba wa saizi hiyo ni om 7.41 kwa kilomita. Kiwanda chenye shaba safi kinaweza kuutimiza kwa mkato wa 2.4 bila kumwibia mtu. Anayepiga kelele kwa sababu ya pungufu dogo kama hilo anakosea. Kwenye 1.66 ukinzani unapita om 10, na hapo hakuna utetezi.

Nyumbani hasara inajitokeza kama joto. Breka ya ampea 20 imewekwa kuulinda waya wa 2.5, nayo haijui kwamba ukutani umepita mwembamba. Mkondo ule ule unazalisha joto kubwa zaidi kwa karibu nusu katika kila mita ya waya wa pili. Birika na pasi vikitumika pamoja, plastiki inaanza kukauka na kupasuka huku breka ikiwa imetulia.

Fundi asiye na maikromita anahitaji mzani mdogo, kama ule wa sonara. Akate mita moja, aimenye plastiki yote, apime shaba tupu. Waya halisi wa 2.5 utatoa gramu 21 hadi 22. Rola ya pili inatoa 15. Mzani ukisoma 9 hivi, ubaya ni wa aina nyingine: alumini iliyopakwa shaba juu, na kisu kikikwangua uzi kitaonyesha weupe ndani. Waya huo una mkato kamili kwa maikromita, kwa hiyo maikromita peke yake ingeupitisha.

Urefu nao hupunguzwa, ingawa wakati mwingine bila hila. Viwanda vya India hufunga waya wa nyumba katika rola za mita 90 na huandika hivyo. Tatizo ni muuzaji anayezitaja kuwa za 100. Hakuna haja ya kuitandaza rola yote barabarani. Mita moja ya rola ya pili, pamoja na plastiki yake, ina gramu 27. Rola nzima bila karatasi ina kilo 2.43. Ukigawanya, unapata mita 90.

Sasa hesabu ya mteja. Rola ya kwanza ina kilo 2.2 za shaba, kila kilo kwa takriban shilingi 64,000. Ya pili ina kilo 1.34, kila kilo kwa takriban 78,000. Nchini Tanzania, pungufu la urefu linapelekwa Wakala wa Vipimo, na la ubora linapelekwa Shirika la Viwango, TBS. Risiti iandikwe saizi na mita, isiishie kwenye neno “waya”, na lebo isitupwe kabla ya kupima.