Fakitire imechelewa: riba ni ngapi, na tumwambie mteja namna gani?

(Maneno ya komite kwa mkutano wa wanamemba)

Wafadhili walituuliza sababu gani madawati yametoka kwenye karakana na makuta hayaonekani kwenye kasha. Jibu munalijua: mteja anasema mungoje kidogo, na kile kidogo kinakuwa miezi miwili. Mbao za kazi inayofuata tunazikopa, na wale wanaotukopesha hawangoji.

Riba ya kuchelewa haianzi siku mtu anapokasirika. Inaanza kwenye mapatano. Kama karatasi aliyotia sahihi mteja haikusema kitu juu ya riba, ukimpelekea hesabu ya riba atakucheka. Kati ya wafanyabiashara, sheria ya OHADA, ambayo Kongo iko ndani yake tangu 2012, inampa muuzaji riba ya kisheria, lakini inahesabiwa tangu siku ile barua rasmi ya kudai inapotumwa, siyo tangu siku ya fakitire. Kwa hiyo tunaandika maneno haya kwenye mapatano, na tunayarudilia chini ya kila fakitire:

«Malipo ni siku 30 tangu tarehe ya fakitire. Kuanzia siku inayofuata, deni lililobaki linazaa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa siku. Ukumbusho wa kwanza ni bure. Ukumbusho wa pili ni dola 5.»

Munaona tumeandika «kwa siku». Zamani tulisema «asilimia 1 kwa mwezi», na ugomvi ukaja: mtu akichelewa siku 45, ni mwezi mmoja au miwili? Kila mtu alihesabu kwa faida yake.

Sasa tuchukue mfano. Mwenye antrepriza ya kujenga aliagiza madawati 40, kila moja dola 25, jumla dola 1000. Alitoa avansi ya 400, ikabaki 600. Fakitire ni ya tarehe 3 Machi, basi siku ya mwisho ya kulipa ni 2 Aprili. Tarehe 2 Mei akaleta 300. Leo tuko 17 Mei.

Avansi haihesabiwi, ile imekwisha kuingia. Tunaanza na 600. Tarehe 2 Aprili yenyewe bado ni siku yake ya kulipa, kwa hiyo kuchelewa kunaanza tarehe 3. Kufika 2 Mei ni siku 30:

600 × 12/100 × 30/365 = dola 5,92

Toka hapo deni ni 300 tu. Kufika 17 Mei ni siku 15:

300 × 12/100 × 15/365 = dola 1,48

Riba yote ni dola 7,40. Mwenye kuandika hesabu akisahau zile 300 na kuendelea na 600 kwa siku zote 45, atapata 8,88. Tofauti ni dola moja na nusu, makuta kidogo sana, lakini mteja akiigundua atakataa karatasi nzima, na atakuwa na haki. Riba haizai riba, na zile dola 5 za ukumbusho pia hazizai. Jambo lingine: kwenye risiti ya zile 300 tuliandika kwamba zinapunguza deni lenyewe, siyo riba. Bila neno hilo, kila upande utahesabu kivyake.

Dola 5 ni pikipiki ya kwenda na kurudi, yuniti za simu na kopi. Haipite hapo. Mtu akitaka kuweka 20 ili mteja aogope, hiyo ni faini, na mapatano yetu hayana faini.

Barua inayokwenda kwa mteja iwe na mistari ambayo anaweza kuihakikisha yeye mwenyewe na kalkuleta ya simu:

«Deni lililobaki: 300,00. Riba toka 3 Aprili mpaka 17 Mei: 7,40 (hesabu iko nyuma ya barua). Ukumbusho wa pili: 5,00. Jumla ya kulipa leo 17 Mei: dola 312,40. Kila siku inayoongezeka: dola 0,10.»

Ule mstari wa mwisho unasaidia sana. Akija kulipa tarehe 27, anajua mbele kwamba ni karibu 313,40 na hatushangai kwenye mlango. Barua iende kopi mbili, moja irudi na sahihi yake na tarehe ya kupokea. Kumbusha kwa simu ni vizuri, lakini simu haibaki kwenye faili.

Na mteja akiomba riba isamehewe? Komite inaweza kukubali, hasa kama analeta zile 300 siku ileile. Lakini msamaha uandikwe, na katika kitabu cha hesabu riba iwekwe mstari wake, kisha msamaha mstari mwingine, ili wafadhili waone zile 7,40 zilikwenda wapi.