Kuachishwa Kazi kwa Sababu ya Ugonjwa wa Muda Mrefu

Nchini Tanzania, mfanyakazi aliyeshindwa kazi kwa ugonjwa hana kosa, hivyo kumwita kwenye kikao cha nidhamu ni kumwonea. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze chanzo na ukubwa wa ugonjwa, na kama ni wa muda au wa kudumu, kisha ashauriane na mgonjwa kuhusu njia mbadala.

Dereva wa lori aliyeumia mgongo, kwa mfano, huenda akaweza kazi ya stoo. Mwajiri asiyelitazama hilo, akaandika barua ya kumwachisha kazi mara siku 126 za likizo ya ugonjwa zinapokwisha, anaweza kushtakiwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachisha huko.