Wosia wa Kabla ya Harusi

Msikilizaji, kama uliandika wosia kisha ukafunga ndoa hapa Kenya, yamkini wakati huu huna wosia. Karatasi ipo kabatini, sahihi yako ipo, mashahidi wawili wapo na pengine wakili anayo nakala. Lakini kifungu cha 19 cha Sheria ya Urithi kinasema kwamba ndoa ya mwenye wosia inaubatilisha wosia wake. Hakuna atakayekupigia simu kukwambia. Mtu husherehekea harusi yake, akaishi miaka mingi akiamini mambo yake yamepangwa, na watoto wakaja kujua baada ya mazishi.

Tuchukue mfano. Mwalimu mstaafu wa Nakuru amefiwa na mke. Ana watoto watatu wakubwa. Mwaka 2016 anaandika wosia: nyumba ya mjini apewe binti yake aliyemuuguza, shamba la ekari tano wagawane wanawe wawili, na shilingi 200,000 zimwendee dada yake. Mwaka 2019 anaoa tena, ndoa ya serikali kwa msajili. Hagusi wosia, kwa sababu haoni kilichobadilika: nyumba ni ile ile, shamba ni lile lile, na watoto ni wale wale. Mwaka 2024 anafariki.

Mahakama italiona hilo kama jambo la mtu aliyekufa bila wosia. Binti hapati nyumba kama nyumba. Wana hawapati shamba kama shamba. Mke mpya anachukua vyombo na vitu vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki yote anapata haki ya kuitumia maisha yake yote. Watoto wanasubiri, na zamu yao ikifika wanagawana sawa kwa sawa, yule aliyeuguza na wale waliokuwa mbali. Dada haonekani kabisa kwenye mgawanyo, kwa kuwa marehemu ameacha mjane na watoto. Njia aliyonayo ni kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba ndugu yake ndiye aliyekuwa akimtunza hadi siku za mwisho, na aende kabla ya mgawanyo kuidhinishwa. Hata yule rafiki aliyeteuliwa na mwalimu kusimamia wosia hana tena mamlaka. Mwenye nafasi ya kwanza kuomba usimamizi wa mirathi sasa ni mjane.

Sisemi mjane amekosea. Sheria imewekwa ili mke au mume mpya asitupwe nje na karatasi iliyoandikwa kabla hajajulikana. Lakini inakata kwa upana mno: haimtengei mjane sehemu yake ikaacha zawadi nyingine zisimame. Inafuta zote, mpaka zile zisizomhusu.

Ipo njia moja ya kuuokoa wosia mapema. Uandike ndani yake kwamba unaufanya ukitarajia kufunga ndoa na mtu fulani, umtaje kwa jina. Ukifunga ndoa na huyo uliyemtaja, wosia unasimama. Kusema tu kwamba ukija kuoa wosia uendelee, bila kumtaja mtu, hakutoshi. Na ukimtaja mmoja kisha ukamwoa mwingine, umerudi pale pale.

Kesi ngumu zaidi huja pale ambapo siku ya ndoa yenyewe inabishaniwa. Kifungu hakisemi ndoa ya kanisani wala ya msajili, kinasema ndoa. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila pamoja na nyingine. Sasa wosia una tarehe ya Machi. Familia moja inasema mahari ilipelekwa Januari, nyingine inasema shughuli zilikamilika Agosti. Kama ni Januari, wosia ni mzima. Kama ni Agosti, wosia umekufa. Hapo ndipo utaona wazee wakiitwa kizimbani kueleza mbuzi walitolewa lini. Waliooana kimila na wakasajili ndoa wanawaokolea watoto wao kesi ya namna hiyo.

Sasa geuza upande wa pili, tuje kwenye talaka. Wengi hudhani kwamba kama ndoa inaua wosia, basi talaka angalau inafuta jina la aliyeachwa. Kwa sheria yetu haifuti. Uliandika nyumba iende kwa mkeo na ukamtaja kwa jina, mkaachana kwa amri ya mahakama, ukafa bila kuugusa wosia: zawadi ile inabaki yake. Ulimteua awe msimamizi, bado ndiye msimamizi. Na kama uliandika tu "mke wangu" bila jina, umewaachia watoto wabishane ulimkusudia nani.

Nchini Uingereza, tulikoazima sehemu kubwa ya sheria hii, mambo ni tofauti. Huko bunge lilirekebisha sheria mwaka 1982: baada ya talaka, zawadi kwa mwenzi wa zamani inaanguka na uteuzi wake kama msimamizi unakufa, huku sehemu nyingine za wosia zikibaki. Sheria yetu ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1981, kabla ya marekebisho hayo, na pengo lile halijazibwa hadi leo. Naona Bunge letu lina deni hapa.

Wapo wanaochukua kalamu na kulikata jina la aliyeachwa. Mkato huo hauna nguvu, isipokuwa umetiwa sahihi na kushuhudiwa kama wosia mpya. Wengine hudhani kwamba talaka inaurudisha ule wosia wa zamani. Mwalimu wetu angeachana na mke wa pili mwaka 2022, wosia wa 2016 usingefufuka. Ulikufa siku ya harusi, na ili usimame tena lazima autie sahihi upya mbele ya mashahidi wawili. Kazi hiyo haizidi asubuhi moja. Na fomu ya mrithi uliyojaza kwenye chama cha akiba au mfuko wa pensheni, usidhani imefuata wosia: kaisome yenyewe, uone jina la nani limo.

Kwa wasikilizaji Waislamu, urithi wenu hauongozwi na vifungu hivi bali na sheria ya Kiislamu, na hapo hesabu ni nyingine. Ndoa haiui wosia. Kinachoangaliwa ni kama aliyeusiwa ni mrithi siku ya kifo, kwa kuwa wosia hauvuki theluthi ya mali, na hauendi kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Kwa hiyo mwanamume akimuusia mwanamke asiye jamaa yake kisha akamwoa, mwanamke huyo sasa ni mrithi: ule wosia unasubiri ridhaa ya wenziwe, naye anachukua fungu lake la mke. Akimwacha na eda ikaisha, anatoka kwenye urithi, na wosia ule ule unaweza kumfikia ndani ya theluthi. Lakini mume akifariki wakati mke bado yumo ndani ya eda ya talaka rejea, huyo angali mjane wake, na anarithi.