Kabla ya Kununua Kichezeo: Maneno kwa Wazazi wa Buruburu



Mzazi anayepita soko la Mutindwa jioni hukutana na vigari vya plastiki vilivyotandazwa chini, na mtoto nyumbani ana mwaka mmoja na nusu. Pakiti ina duara jekundu lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, limekatwa kwa mstari. Wengi husema, "Wangu ni mwerevu, atakiweza." Alama hiyo haipimi akili. Inaonya kwamba kichezeo kina kipande kinachoweza kuziba koo la mtoto aliye chini ya miaka 3. Umri huo kila kitu huishia mdomoni.

Maabara hupima vipande hivyo kwa kikopo chenye upana wa milimita 31.7, mfano wa koo la mtoto mdogo. Kipande kikiingia chote bila kulazimishwa, hakimfai. Nyumbani hutumika kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki tishu ya choo inapoisha. Ni kipana kidogo kuliko kikopo cha maabara, kwa hiyo kinaongeza tahadhari.

Tuchukue kigari hicho. Kizima hakipiti kwenye kibomba, na mzazi anaweza kuridhika hapo. Sasa avute magurudumu kwa nguvu, kama mtoto anavyovuta kwa meno. Gurudumu moja likichomoka na kupita, kigari kimeanguka mtihani. Kisha akigeuze: kikiwa na taa au muziki, kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu. Betri bapa ya duara ikimezwa na kukwama kooni huanza kuunguza nyama kwa muda wa saa 2. Mtoto akishukiwa kuimeza, akimbizwe hospitali mara moja, kama Mama Lucy Kibaki, na asilazimishwe kutapika.

Mwisho ni harufu. Plastiki laini inayonuka vikali kama rangi mbichi au petroli inatoa kemikali hewani, na mtoto ataitafuna. Ikiwa harufu inampiga mzazi akifungua pakiti, akirudishe. Kukianika juani kunapunguza harufu, lakini hakuondoi kemikali zilizochanganywa ndani ya plastiki. Pia kukosa harufu si cheti: madini ya risasi kwenye rangi hayanuki. Ndiyo maana inafaa kutafuta alama ya ubora ya KEBS, na kuacha kichezeo ambacho rangi yake inabaki kwenye kucha kikikwaruzwa.

Penye watoto wawili, vichezeo vya mkubwa viwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko, juu ya kabati. Kipimo cha nyumba ni umri wa mtoto mdogo kuliko wote.