Barua Iliyopotea Njia: Namna ya Kumwomba Mpokeaji Aifute



Tarehe 7 Novemba 2014, siku chache kabla viongozi wa nchi za G20 hawajakutana Brisbane, mtumishi wa idara ya uhamiaji ya Australia alituma barua pepe yenye taarifa za viongozi 31: majina, tarehe za kuzaliwa, namba za pasipoti na namba za viza. Miongoni mwao walikuwamo Obama, Putin, Merkel na Xi Jinping. Barua ilimfikia mtu wa kamati ya maandalizi ya michuano ya soka ya Kombe la Asia. Chanzo hakikuwa mdukuzi. Mtumishi aliandika herufi za mwanzo za jina, programu ya Outlook ikajaza anwani iliyobaki, naye hakuikagua kabla ya kutuma.

Kosa liligunduliwa upesi. Mpokeaji aliifuta barua na kulisafisha kabisa folda la barua zilizofutwa. Sehemu hiyo ya kisa ilikwenda vizuri, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi jioni hii. Sehemu ya pili haikwenda vizuri. Ilipendekezwa viongozi wale wasijulishwe, na Machi 2015 gazeti la The Guardian likaitoa habari yote hadharani.

Tulete jambo hili karibu na ofisi zetu. Tuseme mhasibu wa chuo, saa 4:12 asubuhi, anamtumia mkaguzi wa nje jedwali la mishahara ya wafanyakazi wote. Mkaguzi na muuzaji mmoja wa vifaa vya ofisi wana jina la kwanza moja. Barua inakwenda kwa muuzaji. Dakika sita baadaye mhasibu anaona anwani aliyoitumia, na mikono inaanza kumtetemeka.

Wengi kwanza hukimbilia kitufe cha Outlook cha Recall This Message. Kitufe hicho hufanya kazi pale tu ambapo mtumaji na mpokeaji wako ndani ya taasisi moja yenye mfumo mmoja wa barua pepe. Kwa mtu wa nje hakifuti chochote. Kinachoweza kumfikia ni taarifa kwamba fulani anataka kuirudisha barua yake, na mtu aliyekuwa hajaifungua sasa ana sababu ya kuifungua. Gmail nayo humpa mtumaji sekunde zisizozidi 30 za kughairi, na hufika 30 ikiwa tu alikwisha kupanga hivyo. Kwa mhasibu wetu, muda huo umepita.

Kosa la pili hutokana na woga. Mtu anaandika kwa herufi kubwa, SIRI na HARAKA SANA, halafu anaongeza kwamba mpokeaji atachukuliwa hatua za kisheria. Mpokeaji hakuomba kutumiwa kitu chochote. Ametishwa kwa kosa la mwingine, na heshima yake ikishaguswa hana tena sababu ya kusaidia. Zaidi ya hayo, barua yenye vitisho na haraka inafanana kabisa na barua za matapeli ambazo kila siku tunawaonya watu wasizijibu. Asipoiamini, ataipuuza, na mishahara ya watu itabaki kwenye simu yake.

Mimi ningemshauri mhasibu apige simu kwanza, kama namba anayo, asalimie, aeleze kwa sauti ya kawaida, kisha aandike. Simu inaondoa shaka. Maandishi yanabaki kuwa ushahidi. Aandike barua mpya kutoka anwani ileile aliyotumia mwanzo. Asijibu juu ya ile ya kwanza, maana anaweza kumtumia tena yaliyomo. Asiweke kiungo chochote cha kubofya. Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

YAH: Barua pepe ya leo saa 4:12 asubuhi

Salaam ndugu,

Leo saa 4:12 asubuhi nilikutumia barua pepe yenye kiambatisho kimoja. Ilikuwa ya mtu mwingine, nilikosea anwani. Kosa ni langu, na samahani kwa usumbufu.

Naomba unisaidie kuifuta, hata kama ulishaifungua, na kuiondoa pia kwenye folda la Trash. Kama kiambatisho kilishapakuliwa kwenye simu au kompyuta, tafadhali kifute huko pia. Na kama kuna mtu mwingine aliyetumiwa, niambie tu ili nizungumze naye mwenyewe.

Ukimaliza, nijibu "Nimefuta", inatosha. Ukiwa na swali, nipigie kupitia namba ya ofisi yetu unayoifahamu.

Asante sana.

Tazameni kisichokuwamo. Barua haisemi kiambatisho kina nini. Ukiandika "jedwali la mishahara", umemtajia hata yule ambaye alikuwa hajali. Saa ya kutumwa inatosha kumwonyesha ni barua ipi.

Maneno "hata kama ulishaifungua" ndiyo ninayoyathamini kuliko yote. Wengi huandika "ifute bila kuifungua". Sasa aliyekwisha kuifungua afanye nini? Atakaa kimya, au atajibu kwamba hakuona kitu. Umemfundisha kukuficha jambo ambalo unalihitaji sana, kwa sababu hatari ya kilichotokea huwezi kuipima bila kujua kama faili lilifunguliwa, lilipakuliwa au lilipelekwa kwingine. Mwachie mlango wa kusema kweli bila aibu. Ndiyo maana pia swali la mtu wa tatu limewekwa kama msaada wa kumpata huyo mtu. Mpokeaji asisikie kwamba anahojiwa.

Trash nayo imetajwa kwa sababu. Barua iliyofutwa kwenye Gmail hukaa humo siku 30 kabla ya kuondoka yenyewe, na watu wengi hawalijui hilo. Anayesema amefuta anasema kweli, ilhali barua ingalipo.

Asipojibu, mpe saa chache, kisha mpigie tena kwa upole uleule. Mara nyingi mtu yuko safarini, au barua yako imeangukia kwenye folda la Spam. Kunyamaza kwake si uadui.

Mhasibu naye asifute nakala iliyoko kwenye barua zake zilizotumwa. Hamu ya kufuta nyayo huja haraka, lakini nakala hiyo ndiyo itakayoonyesha ni taarifa za nani hasa zilitoka. Na asimwombe muuzaji asimwambie mtu. Ombi la kufuta ni halali. Ombi la kuficha linawafanya wote wawili washiriki wa jambo baya zaidi.

Wakati barua inaandikwa, mkuu wa kitengo na afisa anayesimamia taarifa binafsi wawe wameshajulishwa. Jibu la "Nimefuta" ni neno la mtu tunayemwamini, lakini halithibitishi kwamba hakuna nakala iliyobaki kwenye hifadhi ya mfumo wake. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitaka taasisi iiarifu Tume iliyoundwa na sheria hiyo pale usalama wa taarifa unapovunjwa. Kenya, chini ya sheria yao ya ulinzi wa data ya 2019, penye hatari ya kweli ya madhara kwa mwenye taarifa, Kamishna anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Saa hizo huhesabiwa tangu taasisi ilipojua, na jibu zuri la mpokeaji halizisimamishi.